Taarifa Nne Kabla ya Kubonyeza: Jinsi ya Kuielezea Video ya Zoezi la Soka la Watoto

Kocha wa watoto akiwa uwanjani saa kumi na nusu jioni hawezi kutazama video tatu ili apate moja inayomfaa. Watoto 22 wameshafika, mfukoni ana koni 16, kwenye wavu kuna mipira 4, bando la simu linaelekea kuisha na giza litaingia kabla ya saa moja na nusu. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: je, zoezi hili naweza kulifanya leo, na hawa nilionao, kwa hivi nilivyo navyo? Taarifa zinazoambatana na video, ambazo watu wa kompyuta huziita metadata, kazi yake ni kumjibu kocha huyo kabla hajaifungua video yenyewe.

Nimekuwa nikipokea na kupanga video za mazoezi kutoka kwa makocha wenzangu wa timu za mtaani. Video isiyo na taarifa yoyote ni rahisi kuishughulikia, maana unaona wazi kwamba haina kitu na unamuuliza mwenyewe. Inayonisumbua ni ile yenye taarifa zinazoeleza kinachoonekana kwenye video badala ya kueleza zoezi linadai nini. Kwenye video wanaonekana vijana wa miaka 15, kumbe zoezi ni la watoto wa miaka 9 na vijana hao waliombwa tu kuonyesha mfano. Inaonekana mipira 10 imetapakaa, kumbe kundi linahitaji mmoja. Video ina dakika 3, zoezi lina dakika 12. Mwishoni mtoto anafunga bao, na mwandishi anaandika "kupiga shuti", ilhali muda wote kocha alikuwa akirekebisha namna ya kupokea mpira.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja, nayo nitaipitisha kwenye taarifa nne: rika, ujuzi, vifaa na muda. Kila unapoandika neno, jiulize kama unaeleza video au unaeleza zoezi. Mfano wetu utakuwa zoezi moja tu, ili tulione kwa ukamilifu.

Zoezi letu la mfano

Ni rondo ya 4 kwa 1. Watoto wanne wamesimama pande nne za mraba wa mita 8 kwa 8, wa tano yuko katikati akijaribu kunasa mpira. Wa nje wanapasiana, na kila mmoja lazima aguse mpira mara mbili: mguso wa kwanza wa kupokea, wa pili wa kupasia. Kocha anapuliza filimbi kila baada ya sekunde 90, mtoto mwingine anaingia katikati, na mchezo unaendelea hadi wote watano wawe wameingia. Muda wote sauti ya kocha inasikika ikirudia mambo mawili: "Fungua mwili!" na "Pokea kwa mguu wa mbali!" Video yenyewe, baada ya kukatwa, ina dakika 2 na sekunde 48.

Rika: andika umri

Watu wengi huandika "U11" na kuishia hapo. Tatizo ni kwamba alama hiyo haina maana moja kwa kila anayeisoma. Mzazi akisikia "chini ya miaka 11" anafikiria mtoto mwenye miaka 10. Kwenye mashindano makubwa hesabu hufanywa kwa mwaka wa kuzaliwa: fainali za Afrika za U17 zilizochezwa Dar es Salaam Aprili 2019 ziliruhusu waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2002, kwa hiyo kijana aliyezaliwa Januari mwaka huo alikuwa ameshatimiza miaka 17 alipoingia uwanjani, na hakuvunja sheria yoyote. Kwenye ligi ya mtaa wenu huenda hesabu ni nyingine kabisa.

Dawa yake ni kuandika alama na umri pamoja: "U11 (miaka 9–10)". Usiandike mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kuzaliwa unafaa kwenye kadi ya mchezaji. Ukiandika "waliozaliwa 2015" kwenye video, baada ya miaka mitatu taarifa hiyo itakuwa inawazungumzia watoto wakubwa, ilhali zoezi limebaki lilelile la miaka 9 na 10.

Hapa ndipo kanuni yetu inapoanza kufanya kazi. Rika linaloandikwa ni la watoto watakaofanya zoezi, hata kama walioigiza ni wakubwa. Utalijuaje? Tazama kinachodaiwa. Rondo yetu inamtaka mtoto atazame pembeni kabla mpira haujamfikia, kisha aamue upande wa kupeleka mguso wa kwanza. Mtoto wa miaka 6 bado macho yake yote yako kwenye mpira. Ukimweka kwenye mraba huu, pasi ya pili tu itakuwa imetoka nje na watoto watasimama kumngoja mwenzao aliyeufuata. Ukiona kwenye video kwamba walioigiza ni wakubwa kuliko waliokusudiwa, ongeza sentensi moja: "Wanaoonekana ni miaka 14, zoezi ni la miaka 9–10." Bila sentensi hiyo, kocha wa watoto wadogo ataipita video akidhani haimhusu.

Kuna ujuzi mmoja ambao kwake taarifa ya rika inagusa usalama, nao ni kupiga kichwa. Februari 2020, vyama vya soka vya Uingereza, Uskoti na Ayalandi ya Kaskazini vilitoa mwongozo kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini, na wakubwa wao waongezewe kidogo kidogo kadiri umri unavyopanda. Marekani nayo ilishawazuia watoto wa miaka 10 na chini. Ukiiandikia video ya vichwa "watoto wote", umemwondolea kocha onyo alilostahili kulipata. Iandikie umri wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa tarakimu.

Ujuzi: sikiliza kocha anarekebisha nini

Jina la zoezi si ujuzi. "Rondo" ni umbo tu: watu nje, mtu ndani, mpira unazunguka. Ndani ya umbo hilohilo unaweza kufundisha kupokea, kupasia, kusaidiana, au kukaba. Ukiandika "Ujuzi: rondo", kocha anayetafuta zoezi la kukaba hatajua kama hili linamfaa, na anayetafuta la kupokea naye hatajua.

Kinachoamua ujuzi ni masahihisho. Fungua video, sikiliza sauti, na kila kocha anaposahihisha andika anasahihisha nini. Kwenye rondo yetu nilihesabu masahihisho tisa: saba yalihusu mwili na mguso wa kwanza, mawili yalihusu nguvu ya pasi. Kwa hiyo ujuzi mkuu ni kupokea. Pasi zipo, tena nyingi, lakini hazifundishwi; zinatumika tu kumfikishia mwenzio mpira. Kama kocha angekuwa anampigia kelele yule wa katikati, "Funga njia ya pasi, usimkimbilie!", zoezi lilelile, watoto walewale, mraba uleule, lingeandikwa "kukaba". Na kama video haina sauti au ina muziki juu yake, usibahatishe. Muulize aliyerekodi ni kosa gani alilokusudia kulirekebisha siku ile.

Andika ujuzi mmoja tu kama mkuu. Ukiorodhesha "pasi, kupokea, kukaba, pumzi, nidhamu, mawasiliano", umeandika mambo ambayo yamo katika kila zoezi la mpira duniani, na mtu akitafuta neno "kukaba" ataletewa video zako zote.

Jambo la pili ni kukubaliana juu ya maneno. Mpira mmoja una lugha nyingi: huyu anasema kupokea, yule kutuliza, mwingine kustopisha. Kipa huyuhuyu ni golikipa na pia mlinda mlango. Kila kocha akiandika kwa mdomo wake, video kumi za ujuzi mmoja zitakaa chini ya majina manne na hakuna atakayezipata zote. Kaeni pamoja mchague orodha fupi. Sisi tunatumia maneno manane: kukokota, chenga, pasi, kupokea, shuti, kichwa, kukaba na kudaka. Yale mengine hayatupwi. Yanawekwa kwenye mstari wa maneno ya kutafutia, ili anayeandika "kutuliza" naye afike palepale.

Baada ya neno la orodha, ongeza maelezo machache yanayosema ni sehemu gani ya ujuzi huo. "Kupokea" peke yake ni pana mno. "Kupokea: mguu wa mbali, mwili umefunguka" inamwambia kocha kwamba mtoto anafundishwa kuuacha mpira upite mbele yake hadi kwenye mguu ulio mbali na anakotokea mpira, ili akimaliza kupokea awe tayari anatazama upande wa pili. Hilo ni somo tofauti kabisa na kupokea mpira wa juu kwa kifua.

Vifaa: hesabu ya kundi moja

Kwenye video yetu wanaonekana watoto 20 katika miraba minne, mipira 4, koni 16. Ukiandika namba hizo, kocha mwenye watoto 12 atadhani hana sifa ya kufanya zoezi hili. Andika mahitaji ya kundi dogo kabisa linaloweza kufanya zoezi: watoto 5, mpira 1, koni 4, kizibao 1. Kila kocha atazidisha mwenyewe.

Tumrudie yule kocha mwenye watoto 22. Akisoma "kundi ni watoto 5", anapata makundi manne na wawili wanabaki wamesimama. Ndiyo maana idadi inastahili kuwa na nafasi ya kupumua: "5 kwa kundi, 6 inawezekana". Sasa anapanga makundi mawili ya watoto 5 na mawili ya watoto 6, wote 22 wanacheza, na mipira yake 4 inatosha. Kwenye makundi ya 6 raundi zitakuwa sita badala ya tano. Tutaliona hilo kwenye muda.

Mpira wenyewe unahitaji saizi. Saizi 5, ambayo ndiyo ya mechi za wakubwa kwa mujibu wa Sheria ya 2 ya mchezo, ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Watoto wa miaka 8 hadi 12 kwa kawaida hutumia saizi 4, yenye mzingo wa takriban sentimita 63.5 hadi 66. Kwenye mipira yetu mingi namba imeshafutika kwa kusugulika na changarawe, kwa hiyo zungushia futi ya fundi cherehani katikati ya mpira usome. Kama zoezi linafanyika vizuri kwa saizi yoyote, andika hivyo. Kama linategemea saizi, sema. Mtoto wa miaka 9 akipokea saizi 5 iliyojazwa upepo sana, mpira humgonga na kumruka, na kocha anaweza kudhani mtoto hajui kupokea, kumbe ni mpira.

Eneo nalo ni kifaa, ingawa hulinunui. Andika kwa mita, maana hatua za kocha mrefu na hatua za kocha mfupi hupishana kiasi cha kuharibu zoezi. Usikadirie kwa kutazama video: kamera ya simu huvuta au husukuma umbali kulingana na mahali iliposimama. Muulize aliyepanga koni, au ipime mwenyewe siku ya kurekodi. Mita 8 zikiwa 12, yule wa katikati hafiki popote na wa nje hawalazimiki kufungua mwili. Zikiwa 5, mpira unanaswa kila sekunde na hakuna anayejifunza kupokea. Ujuzi ulioandikwa mstari wa juu unategemea namba iliyoandikwa hapa.

Mwisho wa vifaa ni mbadala. Koni zinaweza kuwa chupa za maji zilizotiwa mchanga kidogo zisipeperuke, au kandambili. Usiandike mawe wala matofali, kwa sababu watoto huanguka juu ya alama za mipaka. Kizibao cha yule wa katikati kinaweza kuwa fulana iliyoshikwa mkononi. Andika mbadala ule tu ulioujaribu, kisha simama hapo.

Muda: kuna saa mbili

Hii ndiyo taarifa inayokosewa kuliko zote, na kosa lake lina sababu. Simu au kompyuta huandika muda wa video yenyewe, bila kuulizwa. Hata katika viwango vya kimataifa vya kuelezea video, kama ule wa schema.org, sehemu inayoitwa `duration` ina maana ya urefu wa video. Anayejaza taarifa akiona muda umeshajazwa, anadhani kazi imekwisha. Kocha naye akiona "2:48" anadhani zoezi ni la dakika tatu, analipanga mwanzoni mwa kipindi kama la kupasha mwili, na baada ya dakika tatu ni watoto wawili tu kati ya watano waliokwisha kuingia katikati.

Kwa hiyo tenga saa mbili, kila moja na jina lake: muda wa video na muda wa zoezi. Na muda wa zoezi uoneshe ulivyopatikana. Kwetu hesabu ni hii. Raundi 5 za sekunde 90 ni dakika 7 na sekunde 30. Kati ya raundi tano kuna mapumziko manne, kila moja sekunde 30, jumla dakika 2. Hapo tumefika dakika 9 na nusu. Kupanga koni, kugawa makundi na kueleza zoezi kunachukua kama dakika 2 na nusu. Jumla ni dakika 12, na hiyo ndiyo namba ambayo kocha ataiweka kwenye ratiba yake ya jioni.

Kwa nini tusiandike tu "dakika 12"? Kwa sababu kocha akijua viungo vya hesabu anaweza kuibadilisha. Makundi ya watoto 6 yanahitaji raundi 6 na mapumziko 5: dakika 9 za kucheza na 2 na nusu za kupumzika, ambazo pamoja na maandalizi ni dakika 14. Asipokuwa na dakika hizo mbili za ziada, atapunguza raundi ziwe za sekunde 70, na kucheza kutakuwa dakika 7. Angeandikiwa jumla peke yake, asingejua akate wapi, na mara nyingi kinachokatwa ni mapumziko, jambo ambalo kwenye jua la saa kumi si dogo.

Usiandike "dakika 10–20". Upana huo haumwambii kocha chochote. Kama zoezi kweli linaweza kuwa fupi au refu, andika muda wa raundi moja na idadi ya chini ya raundi.

Rekodi nzima

Ukishajibu yote hayo, rekodi yenyewe inakuwa fupi. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiandika kwa rondo yetu:

```
JINA:      Rondo 4 kwa 1
RIKA:      U11 (miaka 9-10)
UJUZI:     kupokea: mguu wa mbali, mwili umefunguka
TAFUTA:    kutuliza, kustopisha, mguso wa kwanza
WATOTO:    5 kwa kundi (6 inawezekana)
VIFAA:     kwa kundi: mpira 1 (saizi 4), koni 4, kizibao 1
MBADALA:   chupa za maji badala ya koni
ENEO:      mita 8 x 8 kwa kundi
KAZI:      raundi 5 x sek 90, pumziko sek 30
MUDA WOTE: dak 12
VIDEO:     2:48
```

Ukiwa na video nyingi, hamishia rekodi kwenye jedwali la Excel, kila mstari video moja na kila safu taarifa moja. Kwenye safu ya muda weka namba tupu, `12`, bila neno "dakika", ili uweze kuiambia kompyuta ikuchujie mazoezi yote yasiyozidi dakika 15. Ukichanganya "12", "dk 12" na "kumi na mbili", mchujo hautafanya kazi na hutajua ni zipi zimeachwa nje.

Mahali pa kuiweka isipotee njiani

Video zetu nyingi husafiri kwa WhatsApp, na safari hiyo huzivua nguo. Video iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa upya, taarifa zilizofichwa ndani ya faili hupotea, na simu ya mpokeaji hulipa jina jipya kama `VID-20240316-WA0007.mp4`. Maelezo uliyoyaandika chini ya video hubaki kwenye mazungumzo. Mtu akiihifadhi au akiihamishia kwenye kompyuta, hayaendi nayo.

Taarifa zitakazovuka salama ni zile zilizomo kwenye picha yenyewe. Weka kadi ya sekunde 5 mwanzoni mwa video, maandishi makubwa, mistari minne: rika, ujuzi, vifaa vya kundi moja, muda wa zoezi. Programu nyingi za simu za kuhariri video zinaweza kuiweka. Sekunde tano zinatosha mtu kusoma, na akitaka zaidi atasimamisha.

Kinga ya pili ni jina la faili. Liandike kwa mpangilio mmoja siku zote, bila nafasi wala mkwaju: `U11_kupokea_rondo4v1_12dk.mp4`. Rika likitangulia, folda hujipanga yenyewe. Kwa rika la tarakimu moja weka sifuri, `U07` na `U09`, kwa kuwa mahali pengi majina hupangwa herufi kwa herufi na `U11` ingetangulia mbele ya `U7`. Ili jina hilo lisibadilishwe, tuma video kwa kuchagua `Document` badala ya kuichagua kutoka kwenye picha na video. Hapo faili hufika kama lilivyotoka.

Lakini faili likifika kama lilivyotoka, linafika na kila kitu, pamoja na kile usichokitaka. Simu nyingi huandika ndani ya video mahali iliporekodiwa, na mahali hapo ni uwanja ambao watoto fulani huja kila Jumanne na Alhamisi saa kumi. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya kurekodi. Kama video imesharekodiwa na una kompyuta yenye programu ya ffmpeg, amri hii inafuta taarifa za zamani na kuweka kichwa kipya bila kugusa ubora wa picha:

```
ffmpeg -i ya_zamani.mp4 -map_metadata -1 -c copy -metadata title="Rondo 4 kwa 1, U11, kupokea, dak 12" U11_kupokea_rondo4v1_12dk.mp4
```

Kwa sababu hiyohiyo, rekodi haina jina la mtoto, shule yake wala tarehe yake ya kuzaliwa. Rika linatosha. Na kama kwenye sauti kocha anamwita mtoto kwa majina yake mawili, kata kipande hicho.

Jaribio: toa rekodi, ficha video

Taarifa zako zitapimwa na mtu mwingine, wewe mwenyewe huwezi, kwa kuwa kichwani mwako zoezi limeshakamilika na macho yako hujaza mapengo. Mpe kocha mwenzako rekodi peke yake, bila video, umwombe apange zoezi uwanjani. Usimsaidie. Kila swali atakalouliza ni taarifa uliyoisahau, na kila jambo atakalolifanya tofauti na video ni taarifa uliyoiandika vibaya.

Rekodi ile ya rondo niliiona imekamilika. Mwenzangu aliichukua, akapanga miraba vizuri, koni nne nne, mita nane nane, mipira saizi 4. Kisha watoto wakaanza, na kila aliyepoteza mpira aliingia katikati, kama rondo zinavyochezwa mahali pengi. Mtoto mmoja mwenye mguso mgumu aliingia mara nne. Wawili hawakuingia kabisa. Sekunde 90 hazikuwa na maana yoyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akibadilisha kwa filimbi, na zoezi la dakika 12 likaenda hadi 17, maana kocha alikuwa akingojea wote waingie. Yule mtoto mwenye mguso mgumu, ambaye ndiye hasa zoezi lilitengenezwa kwa ajili yake, alitumia muda mwingi akikimbiza mpira kuliko kuupokea.

Kosa lilikuwa langu. Video ilionyesha wazi kwamba watoto wanabadilishana kwa filimbi, nikadhani kilichoonekana kimeshaandikwa. Jioni hiyo niliongeza mstari mmoja chini ya `KAZI`:

```
ZAMU:      kila mtoto raundi 1 katikati, kubadilishana kwa filimbi
```

Wiki iliyofuata kocha mwingine, ambaye hakuwepo siku ile na hakuwa ameiona video, alipewa rekodi ile yenye mistari kumi na miwili. Alipanga, akaeleza, akapuliza filimbi ya mwisho dakika ya 12, na hakuuliza swali.